Kuvuka Wastani kwa Kipimo

Chukua bamba la chuma la mraba. Ukingo wake wa juu umeshikiliwa kwenye nyuzi joto 100, kingo tatu zilizobaki ziko kwenye 0, na bamba limeachwa mpaka joto lake limetulia kila mahali. Ndani ya bamba kuna joto kiasi gani? Fizikia inatupa kanuni fupi sana: hali ikishatulia, joto la kila nukta ni wastani wa joto la majirani zake. Tukichora gridi juu ya bamba, kila nukta ya ndani ina majirani wanne, wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, na joto lake ni jumla ya joto lao kugawanya kwa nne.

Kanuni ni rahisi, lakini ina fundo. Ili nijue joto la nukta hii lazima nijue la jirani yake, na la jirani nalo linategemea la hii. Gridi ndogo kabisa yenye maana ina nukta nne za ndani, yaani milinganyo minne, na hiyo mtu anaitatua kwa kalamu: nukta mbili za juu zina nyuzi 37.5 na mbili za chini zina 12.5. Lakini mhandisi anayetaka picha nzuri ya joto hutumia gridi yenye nukta maelfu, na hapo njia inayovutia ni ya kukisia na kurekebisha. Anza na makisio yoyote, hata sifuri kila mahali. Pita nukta moja baada ya nyingine, kila moja uipe wastani wa majirani zake kama walivyo wakati huo, kisha rudi mwanzo upite tena. Kila upitaji mmoja wa gridi nzima tuuite duru.

Tujaribu kwenye gridi ya nukta nne. Nukta ya juu kushoto ina jirani wa juu mwenye 100 na wengine watatu wenye 0, basi inapata 25. Ya juu kulia inaona 100 na hiyo 25, inapata 31.25. Ya chini kushoto inapata 6.25, na ya chini kulia 9.375. Duru ya pili inazaa 34.375, 35.9375, 10.9375 na 11.71875. Sasa tazama makosa badala ya majibu. Nukta ya kwanza ilikuwa pungufu kwa 12.5 baada ya duru ya kwanza, na baada ya ya pili imepungukiwa 3.125. Ya mwisho ilipungukiwa 3.125, ikabaki 0.78125. Kila kosa limegawanywa kwa nne barabara, na litaendelea kugawanywa kwa nne katika kila duru.

Jambo jingine linaonekana katika tarakimu hizo: kila nukta inapanda upande uleule, duru baada ya duru, na haifiki. Kama tunajua inaelekea juu, kwa nini tusiisukume mbele kidogo kuliko wastani unavyodai? Hapo ndipo inapoingia namba iitwayo omega. Badala ya kuiweka nukta kwenye wastani wa majirani, tunapima umbali kutoka ilipo hadi kwenye wastani huo, tunauzidisha kwa omega, kisha tunaisogeza kwa kiasi hicho. Omega ikiwa 1, tumerudi kwenye njia ya awali. Ikizidi 1, tunavuka wastani kwa makusudi. Wataalamu huiita njia hii ulegezaji wa kupitiliza wa mfululizo, na kwenye programu za kompyuta huonekana kwa herufi SOR.

Kwa gridi yetu ya nukta nne, omega iliyo bora ni 1.0718. Ni msukumo mdogo sana, asilimia saba tu zaidi ya wastani. Tukianza tena na sifuri, baada ya duru tatu nukta ya kwanza iko kwenye 37.344, imepungukiwa 0.156 tu. Bila kupitiliza, baada ya duru tatu ilikuwa bado imepungukiwa 0.781. Kosa limekuwa dogo mara tano kwa kazi ileile, na sababu yake ndiyo nataka tuifuate hadi mwisho, kwa kuwa kwenye gridi kubwa tofauti hiyo haiwi tena ya mara tano.

Wazo la kukisia na kurekebisha ni la zamani. Mwaka 1823 Carl Friedrich Gauss alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani, Christian Ludwig Gerling, akimweleza namna ya kutatua milinganyo ya upimaji wa ardhi kwa kurekebisha kisichojulikana kimoja kwa wakati mmoja, akamwambia kwamba kazi hiyo mtu anaweza kuifanya akiwa nusu usingizini. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mwingereza Richard Southwell alikuza ulegezaji wa mikono kuwa mbinu kamili ya uhandisi. Mkokotozi wake alikuwa mtu mwenye penseli na kifutio, anayetafuta kwa macho mahali penye kosa kubwa na kupasahihisha kwanza, na kwa uzoefu akijua lini avuke kidogo. Kompyuta za kwanza hazikuwa na macho hayo wala uzoefu huo. Zilihitaji mpangilio usiobadilika na omega moja iliyoamuliwa mapema. Mwaka 1950, bila kutegemeana, Wamarekani wawili walijibu swali la omega hiyo: Stanley Frankel katika makala yake, na David Young katika tasnifu ya udaktari aliyoiandika Harvard chini ya Garrett Birkhoff. Ya Young ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, kwa kuwa haikuishia kwenye bamba la mstatili. Ilipata sheria kwa kundi zima la milinganyo.

Ili kuielewa sheria hiyo, tuache kutazama joto tutazame makosa peke yake. Makosa ya nukta zote kabla ya duru yanageuka kuwa makosa baada ya duru kwa kuzidishwa na jedwali moja la namba, matriki ya marudio, ambayo haibadiliki kutoka duru hadi duru. Matriki hiyo ina sura zake maalumu za makosa. Kosa lenye sura hiyo likiingia kwenye duru, linatoka na sura ileile, ila limezidishwa kwa namba moja. Namba hiyo nitaiita kizidishio. Kwenye gridi yenye nukta nne kuna vizidishio vinne, kwenye gridi yenye nukta 361 kuna 361, na kosa lolote tunaloanza nalo kwa kawaida ni mchanganyiko wa sura hizo zote.

Sura zenye kizidishio kidogo hufa haraka. Zenye kizidishio kinachokaribia 1 huchelewa, na baada ya duru nyingi ndizo pekee zinazobaki. Msafara huenda kwa mwendo wa mnyonge wao, na hapa mnyonge ni sura yenye kizidishio kikubwa kuliko vyote, tukipima ukubwa bila kujali alama ya kutoa. Ukubwa wa kizidishio hicho ndio nusukipenyo cha spektra cha matriki. Ukiwa 0.25, kosa hugawanywa kwa nne kila duru. Ukiwa 0.999, duru elfu nzima inapunguza kosa kwa takriban theluthi mbili tu. Ukifika 1 au kupita, hakuna jibu litakalopatikana.

Sasa kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linafungua mlango wote, na ajabu yake ni kwamba linapatikana bila hesabu nzito. Tunaporekebisha nukta moja, kosa lake jipya ni kosa lake la zamani likizidishwa kwa 1 − ω, ukiongeza sehemu fulani ya makosa ya majirani. Ile nyongeza ya majirani haibadilishi zao la vizidishio vyote kwa pamoja. Kinacholibadilisha ni ile 1 − ω peke yake. Duru yenye nukta N inafanya hivyo mara N. Kwa hiyo zao la vizidishio vyote vya duru ni 1 − ω ikizidishwa kwa yenyewe mara N, kwa gridi yoyote na kwa chuma chochote.

Angalia maana yake. Omega ikiwa 1, zao ni sifuri. Kwenye gridi yetu ndogo vizidishio ni 0.25, 0, 0 na 0. Sura tatu zinakwisha mara moja na moja inajikokota peke yake nyuma. Kwa omega ya 1.0718, zao la vizidishio vinne ni 0.0718 mara yenyewe mara nne. Ukubwa wa namba nne zenye zao hilo hauwezi wote kuwa chini ya 0.0718, angalau moja lazima ifike hapo au ipite. Basi nusukipenyo cha spektra hakiwezi kamwe kushuka chini ya ω − 1. Hiyo ndiyo sakafu. Na njia pekee ya kuigusa ni vizidishio vyote viwe na ukubwa uleule, na kwa omega bora ndivyo ilivyo: vyote vinne vina ukubwa wa 0.0718. Waliokuwa hodari wamepunguza mwendo ili aliyekuwa mnyonge aongeze wake, na msafara mzima sasa unakwenda kwa kasi moja.

Sakafu hiyohiyo inaeleza kwa nini omega haiwezi kufika 2. Hapo ω − 1 ni 1, na nusukipenyo hakiwezi kuwa chini ya 1, kwa hiyo makosa hayafi. William Kahan aliithibitisha sakafu hii katika tasnifu yake ya mwaka 1958. Kuhusu upande wa pili, Alexander Ostrowski alikuwa ameonyesha mwaka 1954 kwamba kwa matriki linganifu na chanya, kama ya bamba letu, omega yoyote kati ya 0 na 2 itafika kwenye jibu. Kufika si tatizo. Tatizo ni muda.

Basi tunatafuta omega ndogo kabisa inayoweza kuigusa sakafu, kwa kuwa kila tunapoiongeza omega, sakafu nayo inapanda. Hapa ndipo sheria ya Young inapohitajika. Inaunganisha vizidishio vya njia ya kupitiliza na vile vya njia nyingine iliyo rahisi zaidi, ya Jacobi, ambayo hurekebisha nukta zote kwa pamoja kwa kutumia thamani za duru iliyopita. Kizidishio cha Jacobi tukikiandika μ na cha kupitiliza tukikiandika λ, uhusiano wao ni huu:

(λ + ω − 1)² = λ ω² μ²

Kwa bamba la mraba lililogawanywa vipande n kila upande, μ kubwa kuliko zote inajulikana barabara: ni kosaini ya π/n. Tuchukue n = 20, yaani nukta 19 kwa 19 za ndani, jumla 361. Hapo μ ni 0.98769. Tukiiweka kwenye mlinganyo wa Young tunapata λ mbili kwa kila omega, na zao la hizo mbili daima ni ω − 1 kwa kipeo cha pili. Moja ikishuka kuliko sakafu inavyopanda, nyingine lazima ipande zaidi.

Tufuate safari ya hizo mbili. Omega ikiwa 1, kubwa ni 0.9755 na ndogo ni 0. Kwa 1.5, kubwa imeshuka hadi 0.9245 na ndogo imepanda hadi 0.2704. Kwa 1.7 ziko kwenye 0.8262 na 0.5931. Zinakaribiana, na kwa omega ya 1.72945 zinakutana: zote mbili ni 0.72945, ambayo ni ω − 1 yenyewe, yaani sakafu. Sura nyingine zote za kosa, zenye μ ndogo zaidi, zilikuwa zimeshakutana kabla ya hapo na ziko kwenye sakafu tayari. Tukizidi kuongeza omega, zile mbili hazipishani zikaendelea kila moja upande wake. Zinageuka namba changamano, jozi inayotembea juu ya duara lenye nusukipenyo ω − 1. Kuanzia hapo zote ziko sakafuni na sakafu inapanda. Kwa hiyo mahali pa kukutania ndipo mahali bora. Kukutana kunatokea pale ω²μ² inapolingana na 4(ω − 1), na ukitatua hapo unapata kanuni ambayo jina la Young limefungamana nayo:

ω bora = 2 / (1 + √(1 − μ²))

Kwa bamba letu μ ni kosaini ya π/n, kwa hiyo kipeuo hicho cha pili ni saini ya π/n tu. Programu nzima ni fupi:

```python
import math

n = 20
w = 2 / (1 + math.sin(math.pi / n))

T = [[0.0] * (n + 1) for _ in range(n + 1)]
T[0] = [100.0] * (n + 1)

for duru in range(200):
    badiliko = 0.0
    for i in range(1, n):
        for j in range(1, n):
            wastani = (T[i-1][j] + T[i+1][j]
                       + T[i][j-1] + T[i][j+1]) / 4
            d = w * (wastani - T[i][j])
            T[i][j] += d
            badiliko = max(badiliko, abs(d))
    if badiliko < 1e-6:
        break
```

Weka `w = 1` badala yake, ongeza kikomo cha duru, na utaona mwenyewe tofauti. Kwa nadharia, kupunguza kosa mara milioni moja kwenye gridi hii kunadai duru zipatazo 558 bila kupitiliza, na 44 tu kwa omega bora. Kwa gridi ya vipande 100 kila upande, omega bora ni 1.9391 na nusukipenyo ni 0.9391. Njia ya wastani mtupu ina nusukipenyo 0.99901. Ya kwanza inadai duru 220, ya pili karibu 14,000.

Chanzo cha pengo hilo ni kile kipeuo cha pili. Gridi ikizidi kuwa laini, umbali kati ya nusukipenyo na 1 kwa njia ya kawaida hupungua kwa mraba wa n: ukiongeza n maradufu, duru zinazidi mara nne. Kwa omega bora, umbali huo hupungua kwa n tu: ukiongeza n maradufu, duru zinazidi mara mbili. Ndiyo maana faida ilikuwa mara kumi na mbili kwenye vipande 20 na mara sitini na zaidi kwenye vipande 100. Hakuna kilichobadilika katika programu isipokuwa namba moja.

Niongeze tahadhari kuhusu hizo duru 44 na 220. Pale λ mbili zinapokutana barabara, sura zake mbili za kosa nazo zinakuwa moja, na matriki inapoteza sura moja maalumu. Matokeo yake ni kwamba kosa halishuki kwa nusukipenyo peke yake. Mwanzoni linaburuzwa na kizidishio kingine kinachokua pamoja na idadi ya duru. Kwa vipande 100, hesabu halisi huwa karibu na duru 300 kuliko 220. Mtu anayeona programu yake ikizembea katika duru za kwanza, hata mabadiliko yakipanda kidogo, asidhani amekosea.

Kukosea omega kunagharimu, lakini gharama si sawa pande zote mbili, na hili ndilo jambo la vitendo ninalotamani kila anayeitumia njia hii alijue. Rudi kwenye vipande 20. Tukizidisha omega kwa 0.05, nusukipenyo kinapanda taratibu hadi 0.779, na duru 44 zinakuwa 55. Tukipunguza kwa 0.05 hiyohiyo, kinaruka hadi 0.849, na duru zinakuwa 84. Upande wa chini ni genge. Karibu na mahali pa kukutania λ kubwa huporomoka kwa kasi isiyo na kikomo, kwa hiyo hatua ndogo ya kurudi nyuma inaipandisha sana. Upande wa juu ni mteremko wa kawaida, ω − 1, mstari ulionyooka. Ukiwa na shaka, egemea juu.

Shaka hiyo huwa ipo, kwa sababu bamba la mraba ni kesi ya bahati. Bamba lenye tundu katikati, au lenye shaba upande mmoja na chuma upande mwingine, halina kosaini ya kuandikwa moja kwa moja. Hapo μ inapimwa. Endesha duru kadhaa na omega ya 1, na kila duru gawanya badiliko kubwa la duru hiyo kwa la duru iliyotangulia. Uwiano huo hutulia polepole kwenye nusukipenyo cha njia ya wastani mtupu, ambacho ni μ kwa kipeo cha pili. Kiweke kwenye kanuni ya Young na umepata omega.

Mtego uko kwenye neno polepole. Mara nyingi uwiano hupanda kuelekea thamani yake ya kweli, na mwenye haraka huusoma kabla haujafika. Kwenye vipande 20 thamani ya kweli ni 0.9755. Aliyesoma 0.96 anapata omega ya 1.667, nusukipenyo 0.859, na duru 91 badala ya 44. Kosa la asilimia moja na nusu katika kipimo limezidisha kazi maradufu, kwa sababu limemwangusha upande wa genge. Dawa si kusubiri milele. Endelea na omega uliyoipata, upime uwiano mpya λ, kisha utumie mlinganyo wa Young kwa kurudi nyuma: μ ni λ + ω − 1 ikigawanywa kwa ω√λ. Omega inapanda hatua kwa hatua. Na kuna ishara ya wazi kwamba umevuka: uwiano unaacha kutulia, unapanda na kushuka duru kwa duru, kwa kuwa λ sasa ni jozi changamano inayozunguka duarani. Uwiano uliotulia unasema bado uko chini ya omega bora. Uwiano unaoyumba unasema umepita.

Kipimo cha kusimama nacho kinadanganya, hasa kwa wasiopitiliza. Badiliko dogo si kosa dogo. Kwenye gridi ya vipande 100 na omega ya 1, badiliko likiwa elfu moja ya nyuzi, kosa lililobaki ni karibu mara elfu moja ya hapo, yaani nyuzi moja nzima. Skrini inaonyesha 0.001 na mtu anafunga kazi huku bamba lake bado halijapoa wala kupata joto lake. Kwa omega bora, kosa lililobaki ni kama mara kumi na tano tu ya badiliko. Anayejua nusukipenyo chake anaweza kulikadiria: zidisha badiliko kwa ρ, gawanya kwa 1 − ρ.

Sheria ya Young ina masharti yake. Inadai nukta ziweze kupakwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi, bila nyekundu kugusana na nyekundu wala nyeusi na nyeusi, na zipitwe kwa mpangilio unaoheshimu mgawanyo huo. Mpangilio wa mstari kwa mstari unakubalika. Wa nyekundu zote kwanza kisha nyeusi zote unakubalika pia, na una faida kwamba nukta za rangi moja haziitani, kwa hiyo kompyuta yenye vichakato vingi inaweza kuzirekebisha zote kwa wakati mmoja. Lakini kanuni ya joto inayotumia majirani wanane, pamoja na wale wa pembeni kwa mshazari, inavunja sharti la rangi mbili. Kupitiliza bado kunasaidia hapo, ila ule mlinganyo hausemi tena ukweli kamili na omega hutafutwa kwa majaribio. Sharti jingine ni kwamba μ zote ziwe namba halisi. Joto likibebwa na mkondo wa maji wenye nguvu, μ zinaweza kuwa changamano, na wakati mwingine omega inayofaa inashuka chini ya 1: badala ya kuvuka wastani, unakomea njiani.

Wahandisi wa leo wenye gridi za mamilioni ya nukta wana njia nyingine. Njia ya mielekeo shiriki hufika kwa idadi ya duru inayokua na n vilevile kama kupitiliza, bila kuhitaji omega, na njia ya gridi nyingi hubaki na duru chache hata gridi ikiwa laini kiasi gani. Hata hivyo duru ya kupitiliza haijaondoka. Huendeshwa mara moja kwenda mbele na mara moja kurudi nyuma, kisha matokeo yake hupewa njia ya mielekeo shiriki kama maandalizi. Katika kazi hiyo sura za makosa zilizobaki nyuma hushughulikiwa na mielekeo shiriki yenyewe, kwa hiyo genge lile la upande wa chini halina makali yaleyale, na omega iliyokosewa kwa 0.05 inaongeza duru chache tu.